Taarifa inasema mmeokoa, pesa haionekani: kutafuta kosa uzalishaji unapokuwa tofauti na bajeti

Tuchukue kiwanda cha kukoboa na kusaga mahindi kilichopanga kutoa viroba 4,000 vya sembe kwa mwezi, kila kimoja kilo 25. Mwezi unaisha na stoo imepokea viroba 3,200. Mhasibu anaweka matumizi halisi, shilingi 88,852,000, kando ya bajeti ya 103,600,000, kisha anaandika chini yake: tumeokoa 14,748,000. Meneja anafurahi. Wakati huohuo mnunuzi wa mahindi anahangaika kutafuta hela ya kulipia lori la mwisho.

Tatizo la namna hii hutokea katika kiwanda chochote ambacho bajeti yake imeandikwa kwa kiwango kimoja tu cha uzalishaji. Dawa yake ni bajeti nyumbufu, yaani bajeti ileile iliyopigwa upya kwa kiasi kilichozalishwa kweli. Lakini hata bajeti nyumbufu hukosewa, na makosa yake yana dalili zinazojirudia. Tutazipitia kwa kutumia kiwanda hikihiki.

Bajeti ya kiwanda ilijengwa hivi. Kila kiroba kinahitaji kilo 32 za mahindi kwa shilingi 700 kwa kilo, yaani 22,400. Kiroba kitupu ni 600, vibarua wa kusaga na kufunga ni 800, na umeme wa mashine ni 500. Jumla ya gharama zinazopanda na kushuka na uzalishaji ni 24,300 kwa kiroba. Zipo nyingine ambazo haziguswi na idadi ya viroba: mishahara 3,600,000, pango 1,500,000, uchakavu wa mitambo 900,000, na umeme wa taa, ofisi na ulinzi 400,000. Hizo ni 6,400,000 kwa mwezi.

| Kipengele | Bajeti ya awali (4,000) | Bajeti nyumbufu (3,200) | Halisi (3,200) | Iliyozidi |
|---|---|---|---|---|
| Mahindi | 89,600,000 | 71,680,000 | 76,032,000 | 4,352,000 |
| Viroba vitupu | 2,400,000 | 1,920,000 | 1,950,000 | 30,000 |
| Vibarua | 3,200,000 | 2,560,000 | 2,720,000 | 160,000 |
| Umeme | 2,400,000 | 2,000,000 | 2,150,000 | 150,000 |
| Mishahara, pango, uchakavu | 6,000,000 | 6,000,000 | 6,000,000 | 0 |
| Jumla | 103,600,000 | 84,160,000 | 88,852,000 | 4,692,000 |

Dalili ya kwanza: kila mstari unaonyesha akiba, na akaunti ya benki inasema vingine

Sababu yake ni kulinganisha gharama za viroba 3,200 na bajeti ya viroba 4,000. Viroba 800 ambavyo havikuzalishwa vilikuwa vimetengewa 800 × 24,300, yaani 19,440,000. Fedha hiyo haikutumika kwa sababu kazi haikufanyika. Iondoe kwanza, ndipo uone kilichobaki: kwa viroba vilivyotoka kweli, kiwanda kilitakiwa kutumia 84,160,000 na kimetumia 88,852,000. Kimezidisha 4,692,000.

Hesabu mbili hizi lazima zifunge. Upungufu wa 19,440,000 uliotokana na idadi, ukitoa zidio la 4,692,000, unarudisha 14,748,000 ileile iliyoitwa akiba. Zisipofunga, kuna mstari ambao haukupigwa upya, au ulipigwa kwa idadi nyingine.

Ile 19,440,000 usimpe mtu yeyote sifa kwa ajili yake. Kama kiroba kinauzwa 29,000, kila kiroba ambacho hakikutoka kimepoteza 4,700, ambayo ni tofauti ya bei na gharama zinazobadilika. Kwa viroba 800 hiyo ni 3,760,000 ambayo ingesaidia kulipa pango na mishahara. Mstari wa idadi una hasara ndani yake ingawa upande wa gharama unaonekana mzuri, kwa hiyo uandike peke yake na sababu yake: mahindi yalichelewa, mota iliungua, au wateja hawakuagiza.

Dalili ya pili: bajeti imepigwa upya, sasa pango nalo linaonekana limezidi

Ukiona mstari wa pango una zidio la 300,000 wakati mkataba wa pango haujabadilika, mtu amechukua bajeti nzima na kuizidisha kwa asilimia 80. Ni njia ya mkato inayovutia kwa sababu 3,200 ni asilimia 80 ya 4,000. Matokeo yake ni bajeti ya 82,880,000 badala ya 84,160,000. Pengo la 1,280,000 kati yake ni asilimia 20 ya zile 6,400,000 za kudumu, na kwa pengo hilo hulaumiwa watu ambao hawakufanya kosa. Mwezi wa uzalishaji mkubwa mambo hugeuka: gharama za kudumu zinaonekana kama zimeokolewa, na hapo hakuna anayelalamika, ndiyo maana kosa hili hukaa miaka.

Kila mstari kwenye jedwali la kompyuta uwe na safu mbili, moja ya kiwango kwa kiroba na nyingine ya kiasi cha kudumu, hata kama mojawapo ni sifuri. Idadi halisi ikae kwenye seli moja tu. Mfano, B1 ina 3200, B5 ina kiwango kwa kiroba, C5 ina kiasi cha kudumu, na E5 ina matumizi halisi:

```
D5: =$B$1*B5+C5
F5: =E5-D5
```

Kwa umeme B ni 500 na C ni 400000. Kwa pango B ni 0. Ili kujaribu kama jedwali ni zima, andika 4000 kwenye B1. Safu ya D lazima irudi kuwa bajeti ya awali, 103,600,000 bila kupungua hata shilingi. Kisha andika 0, na jumla iwe 6,400,000. Majaribio haya mawili yanakamata karibu kila kosa la fomula.

Dalili ya tatu: mahindi yanaonekana yametumika sawasawa, lakini stoo inaisha kabla ya wakati

Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote, kwa sababu halionyeshi namba yoyote ya kutisha. Msagishaji anaandika kilo za mahindi zilizoingia kwenye mashine, kwa uzito uliopimwa wakati wa kupokelewa, 105,600. Mhasibu anazigawa kwa 32 na kupata viroba 3,300, kisha anapiga bajeti nyumbufu kwa 3,300. Bajeti ya mahindi inakuwa 73,920,000, na zidio linashuka kutoka 4,352,000 hadi 2,112,000. Kiasi cha 2,240,000 kimetoweka kwenye taarifa.

Angalia kilichotokea. Bajeti imepewa kila kilo iliyoingia mashineni, hata zile ambazo hazikuwa unga. Mwezi ukipoteza mahindi zaidi, bajeti inapanda pamoja na upotevu, na upotevu hauwezi kuonekana kamwe. Bajeti nyumbufu inapigwa kwa kilichotoka, yaani viroba vizuri vilivyopokelewa stoo. Haipigwi kwa kilichoingia, wala kwa saa mashine zilizokimbia, isipokuwa kama umetengeneza kiwango cha saa ngapi kiroba kimoja kinastahili na ukatumia saa zinazostahili hizo.

Namna ya kuligundua: chukua idadi iliyotumika kwenye B1 na uitafute kwenye daftari la kupokea bidhaa stoo. Kama haipo humo na ipo kwenye daftari la mashine, umelipata.

Kuna ndugu wa kosa hili upande wa pili, nalo ni kutumia idadi iliyouzwa. Kama viroba 3,000 viliuzwa na 200 vimebaki stoo, mtu akiweka 3,000 kwenye B1 bajeti inashuka hadi 79,300,000 na zidio linaruka hadi 9,552,000. Mahindi ya vile viroba 200 yalitumika kihalali. Mapato yapigwe kwa vilivyouzwa, gharama za uzalishaji kwa vilivyozalishwa.

Na kama kiwanda kinafunga pia pakiti za kilo 5, idadi moja haitoshi. Kilo 25 za unga zinakula mahindi yaleyale, lakini pakiti tano zina gharama nyingine ya vifungashio na ya mikono. Mahindi na umeme wa kusagia vifuate kilo za unga. Vifungashio na vibarua wa kufunga wafuate idadi ya vifungashio vya kila ukubwa.

Dalili ya nne: zidio la mahindi lipo, na kila idara inamnyooshea mwenzake kidole

Milioni 4.3 za mahindi hazina maana mpaka zigawanywe. Bei ilikuwa 720 badala ya 700, na zilitumika kilo 105,600 badala ya 102,400 zinazostahili viroba 3,200. Kwa hiyo:

```
Bei:     (720 - 700) x 105,600      = 2,112,000
Matumizi: (105,600 - 102,400) x 700 = 2,240,000
Jumla                               = 4,352,000
```

Kawaida sehemu ya bei inakwenda kwa mnunuzi na sehemu ya matumizi inakwenda kwa msimamizi wa kinu. Kwenye mahindi usikimbilie hapo. Kiwango cha kilo 32 kwa kiroba kiliwekwa kwa mahindi makavu yenye unyevu wa asilimia 13.5, ambao ndio ukomo wa kiwango cha Afrika Mashariki. Fungua hati za kupokea mzigo uangalie kipimo cha unyevu. Tuseme mizigo ya mwezi ule ilipimwa kwenye mizani ikiwa na asilimia 16, kisha mahindi yakaanikwa kabla ya kusagwa.

Katika kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 16, kitu kikavu ni kilo 840. Yakifika asilimia 13.5, zile 840 ni asilimia 86.5 ya uzito mpya, kwa hiyo mzigo unabaki kilo 971. Kilo 29 zimeondoka kwenye uwanja wa kuanikia, ni maji. Kwa kilo 105,600 zilizolipiwa, yanayobaki ni takriban 102,550. Kinu kilistahili 102,400. Kilo zisizojulikana zilipo ni kama 150 tu, na si 3,200.

Maana yake zidio la matumizi karibu lote lilinunuliwa likiwa ndani ya mahindi. Ukimbana msimamizi wa kinu atapanua matundu ya chekeche na kukoboa kijuujuu ili kupata unga mwingi, na unga utaanza kuwa na punje za pumba. Kazi iliyopo ni kwa mnunuzi: bei ya mahindi yenye unyevu ipunguzwe palepale mizani, au uzito wa malipo upigwe upya kwa unyevu wa asilimia 13.5. Kipimo cha unyevu kisipoandikwa kwenye hati, hakuna hesabu ya baadaye itakayoweza kutenganisha maji na wizi au na mpangilio mbaya wa mashine.

Dalili ya tano: umeme unazidi mwezi huu, unaokoa mwezi ujao, bila sababu

Kama kiwanda kiko kwenye LUKU, tazama kwanza kilichoandikwa kama matumizi. Mara nyingi ni risiti za manunuzi. Mtu akinunua uniti nyingi tarehe 31 ili kazi isisimame asubuhi ya tarehe 1, mwezi unaokwisha unabebeshwa umeme wa mwezi unaokuja. Katika mfano wetu zilinunuliwa uniti za 2,150,000. Mita ilianza mwezi ikiwa na uniti zenye thamani ya 60,000 na ikamaliza ikiwa na za 290,000. Umeme uliotumika ni 2,150,000 + 60,000 − 290,000, yaani 1,920,000. Zidio la 150,000 limegeuka nafuu ya 80,000, na zidio la kiwanda kizima linashuka hadi 4,462,000. Kinachohitajika ni mtu mmoja asome uniti zilizobaki kwenye mita siku ya kwanza kabla mashine hazijawashwa.

Kama baada ya kurekebisha hilo umeme bado unazidi kila mwezi wa uzalishaji mdogo na kupungua kila mwezi wa uzalishaji mkubwa, kosa liko kwenye mgawanyo: sehemu ya kudumu imewekwa ndogo mno. Ikiwa ni kinyume chake, imewekwa kubwa. Ili kuigawa upya, chukua mwezi wa uzalishaji mkubwa na wa uzalishaji mdogo ndani ya mwaka. Tuseme viroba 4,400 vilitumia 2,600,000 na viroba 2,800 vilitumia 1,800,000. Tofauti ya 800,000 ukiigawa kwa viroba 1,600 unapata 500 kwa kiroba. Viroba 4,400 kwa 500 ni 2,200,000, na kinachobaki kufikia 2,600,000 ni 400,000 za kudumu.

Njia hii inategemea miezi miwili tu, kwa hiyo mwezi mmoja mbovu unaiharibu yote. Usichague mwezi ambao jenereta ilitumika, fani zilikwama zikavuta umeme mwingi, au bei ya uniti ilibadilika. Ni salama zaidi kufanya hesabu kwa uniti na kuzidisha kwa bei mwishoni. Kisha weka miezi mingine kumi kwenye kanuni uliyopata. Ikipishana nayo sana kwa miezi kadhaa, miezi uliyochagua haikuwa ya kawaida. Viwanda vikubwa vinavyolipia pia kilele cha mahitaji kwa kVA, yaani umeme mwingi zaidi uliovutwa kwa wakati mmoja, vitenganishe mstari huo kabisa, kwa sababu kilele cha dakika chache kinaweza kulipiwa mwezi mzima hata kama viroba vilikuwa vichache.

Dalili ya sita: gharama ya kiroba kimoja imepanda na hakuna anayejua kwa nini

Bajeti ilisema kiroba kitagharimu 25,900. Halisi ni 27,766. Zidio la 1,866 linachanganya mambo mawili. Zile 6,400,000 za kudumu zilitarajiwa kugawanywa kwa viroba 4,000, yaani 1,600 kila kimoja. Zikigawanywa kwa 3,200 zinakuwa 2,000. Kwa hiyo 400 zimeletwa na idadi ndogo peke yake. Zinazobaki, 1,466, ndizo zile 4,692,000 zilizozidi, zikigawanywa kwa viroba 3,200. Anayeulizwa kuhusu 400 ni aliyehusika na mahindi kuchelewa au oda kukosekana, na wa 1,466 ni aliyenunua na kutumia.

Usipandishe bei ya kuuzia kwa sababu ya zile 400. Mwezi ujao ukirudi kwenye viroba 4,000 zitaondoka zenyewe, na mteja uliyempandishia atakuwa ameshahamia kwa jirani.

Dalili ya saba: vibarua wanazidi kila uzalishaji unaposhuka

Bajeti inasema 800 kwa kiroba, na kwa makaratasi hiyo ni gharama inayobadilika kikamilifu. Lakini umeme ukikatika siku nzima, vibarua wanane waliokwishafika hulipwa 10,000 kila mmoja kwa kusubiri. Siku mbili kama hizo ni 160,000, ambayo ndiyo zidio lote la mstari huo. Ukiliita uzembe wa kufunga unga utatafuta kosa mahali lisipokuwepo. Malipo ya kusubiri yapewe mstari wake, yenye idadi ya siku na sababu, na ule wa 800 ubaki kwa viroba vilivyofungwa tu.

Upande wa juu kuna ngazi nyingine. Zamu moja ya kiwanda hiki inaishia viroba 4,500. Ukipita hapo lazima zamu ya usiku ifunguliwe na msimamizi wake alipwe 450,000, awe amesimamia viroba 50 au 900. Mwezi wa viroba 4,900, fomula ya kawaida inatoa 125,470,000 na kumfanya meneja aonekane amezidisha 450,000 alizolazimika kutumia. Mstari wa wasimamizi wa zamu uwe na fomula yake:

```
=IF($B$1>4500,450000,0)
```

Bajeti ya 4,900 inakuwa 125,920,000. Hata hivyo, kiwango cha umeme tulichopata kilitokana na miezi ya viroba 2,800 hadi 4,400. Nje ya hapo ni makadirio, na kwa mwezi wa viroba 1,500 au 6,000 kaa na fundi mitambo na msimamizi wa kinu mpange viwango upya kabla ya mwezi kuanza, kwa sababu mashine inayozunguka nusu tupu haili umeme kwa kiroba sawa na inayojaa.